Bamvua la Kivinje na Jaribio la Jumatano

Kilwa Kivinje haina bandari ya kina. Ukisimama ufukweni karibu na boma la Wajerumani wakati maji yamejaa, utaona majahazi yanaelea karibu nawe, kama bandari nyingine yoyote ya pwani hii. Rudi pale pale saa sita zikishapita. Bahari imekwenda zake mbali, vyombo vimelala ubavu juu ya tope, na watu wanapita kwa miguu palipokuwa na maji ya kuogelea. Wafanyabiashara wa karne ya 19, waliopokea hapa misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, walipanga kupakia na kushusha kwa kufuata maji hayo. Wavuvi wa leo wanafanya vivyo hivyo.

Nimeanzia Kivinje kwa sababu sura hii inahusu ombi ambalo wanafunzi wengi huliomba vibaya, nami nimelipokea mara nyingi nikiwa mwalimu wa takwimu: kufanya jaribio kabla ya siku yake, kwa kuwa siku hiyo mwanafunzi atakuwa kwenye safari iliyoidhinishwa. Kivinje inasaidia kuonyesha jambo ambalo wanafunzi husahau kulisema. Mwalimu akishaelewa kwa nini safari haiwezi kusogezwa, nusu ya kazi imekwisha.

Tuchukue mfano, tuupe kalenda ya kweli. Ni Desemba 2024. Wanafunzi 22 wa mwaka wa pili, wanaosoma sayansi ya bahari katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, wanatakiwa kwenda Kivinje kuhesabu mikoko na majani ya baharini. Wataondoka Jumamosi tarehe 14 na kurudi Alhamisi tarehe 19. Idara yao imekubali, basi limepatikana, na barua ya kujitambulisha imekwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, Kilwa Masoko. Lakini Jumatano tarehe 18, saa nne asubuhi, wana jaribio la takwimu. Somo hilo linafundishwa na idara nyingine na lina wanafunzi 180 wa programu mbalimbali. Mwalimu wake hajui lolote kuhusu Kivinje.

Wengi huenda kwake na sentensi moja: "Mwalimu, siku ya testi tutakuwa fildi." Mwalimu naye hujibu kwa swali la haki kabisa: "Kwa nini hamkuichagua wiki nyingine?" Hapo mwanafunzi hubaki kimya, au husema ndivyo idara ilivyopanga. Jibu la namna hiyo linamwambia mwalimu kwamba idara moja imeona ratiba yake ni bora kuliko ya mwenzake, na hakuna mwalimu anayependa kuambiwa hivyo.

Jibu la kweli lipo, na liko baharini. Maji hupwa sana na kujaa sana mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata. Hilo ndilo bamvua. Katikati ya mabamvua huja maji mafu, ambapo bahari hupwa kidogo tu na sehemu kubwa ya tambarare ya tope hubaki chini ya maji. Desemba 2024 mwezi ulikuwa mpevu Jumapili tarehe 15. Kwa hiyo siku za kutembea mbali kabisa juu ya tambarare ya Kivinje zilikuwa tangu Jumapili hiyo hadi Jumatano au Alhamisi.

Kuna jambo la pili, ambalo mtu asiyefanya kazi ufukweni hawezi kulijua asipoambiwa. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne asubuhi na adhuhuri, kila siku yakichelewa kwa dakika arobaini hivi kuliko jana yake. Yaani bahari hufunguka mchana, jua likiwa juu, na wanafunzi wana saa tatu au nne za kufanya kazi wakiona vizuri. Wiki inayofuata, siku za maji mafu, mwisho wa kupwa huangukia alfajiri na alasiri ya kuelekea jioni, na hata hapo maji hayaendi mbali. Ukiisogeza safari kwa wiki moja, utakuwa umewapeleka watu 22 mwendo wa kilometa 300 kwenda kutazama maji.

Na bamvua jingine je? Mwezi uliandama tarehe 31 Desemba. Bamvua hilo lilikuja na mwaka mpya, chuo kikiwa likizo. Bamvua lililotangulia lile la tarehe 15 lilikuwa mwanzoni mwa Desemba, wanafunzi wakiwa hawajafundishwa hata namna ya kuweka kamba ya kupimia. Basi palikuwa na dirisha moja tu. Mwalimu wa takwimu anayeelezwa hivi kwa sentensi tatu huelewa kwamba hakuna mtu aliyedharau ratiba yake, na kwamba tarehe ya safari imeamuliwa na kitu kisichojadiliwa kwenye kikao chochote.

Wanafunzi wa akiolojia wanaokwenda Kilwa Kisiwani au Songo Mnara wana sababu zao, nyingi zikihusu vibali na vyombo vya kuvukia. Wanamichezo wana ratiba ya mashindano. Kila safari ina kitu kinachoifunga tarehe yake. Kitafute, ukijue, ukiseme.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Mwanafunzi huamini kwamba kwa kuwa safari ina kibali, suala la jaribio limekwisha. Halijaisha. Kibali cha safari kinasema jambo moja tu: kutokuwepo kwako darasani hakutahesabiwa utoro. Hakisemi jaribio lako litafanywa lini, kwa karatasi ipi, wala chini ya usimamizi wa nani. Hayo yako mikononi mwa mwalimu wa somo, na mkuu wa idara yako hana mamlaka ya kuyaamua kwa niaba yake. Nimeshawahi kuwekewa barua ya safari mezani kama mtu anavyowekewa hati ya mahakama. Niliisoma, nikaona mihuri miwili na sahihi, lakini sikuona ombi lolote. Barua ile ilinipa taarifa. Ombi lilikuwa bado halijaandikwa.

Kujua unachoomba kunahitaji kujua gharama yake kwa anayeombwa. Jaribio la mapema si karatasi ile ile inayotolewa siku nyingine. Watu 22 wakifanya karatasi hiyo Alhamisi, ifikapo Jumatano inayofuata wenzao 158 watakuwa wameshajua maswali yote, hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Kwenye basi mtu atauliza tu, "Lile la tatu ulipata ngapi?" na simu zipo. Kwa hiyo mwalimu atatunga karatasi ya pili.

Wanafunzi huona hilo ni jambo dogo: abadilishe namba. Tulitazame kwa karibu. Karatasi ya kwanza ina swali la vipenyo vya mikoko mitano: sentimita 4, 6, 8, 10 na 12. Tafuta wastani na mkengeuko sanifu. Wastani ni 8, mkengeuko ni 3.16. Karatasi ya pili ina 5, 8, 11, 14 na 17. Wastani ni 11, mkengeuko ni 4.74. Namba zimebadilika na majibu yamebadilika, lakini mwanafunzi aliyesikia kwamba kuna swali la mkengeuko sanifu wa sampuli ya vitu vitano, na kwamba unagawa kwa nne na si kwa tano, ameshapata anachokihitaji. Atakwenda kusoma hilo na kuacha mengine. Mwalimu makini inambidi abadilishe aina ya maswali, kisha ahakikishe karatasi mbili zina uzito sawa, asije akawaonea hawa wala kuwapendelea wale. Kwangu mimi kazi hiyo hula siku nzima. Ongeza chumba, msimamizi, na kusahihisha mara mbili kwa miongozo miwili.

Kuna gharama nyingine inayolihusu jaribio la mapema peke yake, ambayo la kuchelewa halina. Jaribio la tarehe 18 limepangwa kupima yaliyofundishwa hadi siku mbili kabla yake. Ukilifanya tarehe 12, kuna kipindi hujakipata. Mwalimu ana njia mbili: kukupima kwa mambo machache kuliko wenzako, au kukupima kwa jambo ambalo hajakufundisha. Zote mbili zina kasoro, naye atakuwa anaziwaza unapozungumza naye. Kwa hiyo fungua muhtasari wa somo kabla hujaenda, uone ni mada gani itakuwa imebaki, na uende na pendekezo.

Kama gharama ni kubwa hivi, kwa nini usiombe kulifanya baada ya kurudi? Walimu wengi watakupendekezea hivyo, na mara nyingine ndiyo njia nzuri. Lakini kwa safari ya Kilwa nina sababu ya kupendelea mapema. Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu na mvua zake, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika ndani ya Wilaya ya Kilwa, eneo la Somanga, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mtu aliyekuwa Kivinje na jaribio la marudio Dar es Salaam wiki hiyo asingefika, hata angetaka vipi. Barabara ile ni moja. Jaribio lililokwisha kufanywa halikatwi na mafuriko. Na ukifanya mapema, alama zako zitatoka pamoja na za darasa. Ukichelewa, jina lako litabaki wazi kwenye orodha ya alama za muhula, na mtu atatakiwa akumbuke kulijaza. Vyuoni kwetu alama hizo, koswek, kwa kawaida huwa 40 kwa mia ya somo. Nafasi tupu humo ni jambo zito.

Basi ombi lenyewe liweje? Kwanza, liwe moja. Watu 22 wakimfuata mwalimu mmoja mmoja, wengine kwa ujumbe wa simu usiku, wengine mlangoni pa ukumbi wa mihadhara, atapata maelezo 22 yanayotofautiana, na mwisho atakataa ili apumzike. Kiongozi wa darasa aandike kwa niaba ya wote, aambatanishe orodha ya majina na namba za usajili iliyogongwa muhuri, na mratibu wa safari apate nakala. Mwalimu akiona 22 kwenye karatasi moja, anaona kikao kimoja, chumba kimoja na karatasi moja ya ziada. Hilo linafanyika.

Pili, liende mapema. Katika mfano wetu idara ilipitisha orodha Jumatatu, Novemba 25. Barua iende Jumanne tarehe 26, wiki tatu na siku moja kabla ya jaribio. Hapo mwalimu huenda hajatunga hata karatasi ya kwanza, na kutunga mbili kwa pamoja ni rahisi kuliko kurudi nyuma kutunga ya pili. Ukimwendea ikiwa imebaki wiki moja, kazi hiyo lazima aifanye usiku wake.

Barua hizi vyuoni huandikwa sana kwa Kiingereza. Naiweka hapa kwa Kiswahili, mpangilio ni ule ule:

*Kwa Mwalimu wa somo la Takwimu,*

*YAH: OMBI LA KUFANYA JARIBIO LA KWANZA KABLA YA TAREHE 18 DESEMBA 2024*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni kiongozi wa darasa la mwaka wa pili, Sayansi ya Bahari. Naandika kwa niaba ya wanafunzi 22 walioorodheshwa kwenye kiambatanisho, ambao watakuwa Kilwa Kivinje kwa mafunzo kwa vitendo tangu Jumamosi 14 hadi Alhamisi 19 Desemba. Kibali cha idara kimeambatanishwa.*

*Tarehe za safari zimefuata bamvua la mwezi mpevu wa tarehe 15. Nje ya siku hizo maji ya Kivinje hayapwi kiasi cha kutosha kwa upimaji wetu, na bamvua linalofuata litakuwa wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka.*

*Tunaomba, ikikupendeza, tufanye jaribio hilo kabla hatujasafiri. Tumekagua ratiba zetu: wote 22 hatuna kipindi Jumatano 11 Desemba saa kumi jioni, wala Alhamisi 12 Desemba saa nane mchana. Tukifanya siku mojawapo, tutakuwa tumepata mada nne za kwanza, lakini tutakosa zoezi la Jumatatu tarehe 16. Tuko tayari kulifanya wenyewe kabla ya jaribio na kupimwa kwa mada zote.*

*Kama njia hii haiwezekani, tutapokea utaratibu mwingine wowote utakaouona unafaa, na tunaweza kufika ofisini kwa maelezo zaidi saa zako za kuonana na wanafunzi.*

*Wako mtiifu,*

Tazama kilichomo. Tarehe zimetajwa pamoja na siku zake, kwa sababu mtu akiandika "tarehe 12" peke yake na akakosea, hakuna atakayegundua. Akiandika "Alhamisi 12", kosa linajionyesha. Nafasi mbili zimependekezwa, si moja inayofanana na amri, wala si "muda wowote", maneno yanayomwachia mwalimu kazi ya kupekua ratiba ya watu 22. Jumatatu tarehe 9 haikutajwa kwa kuwa ni Sikukuu ya Uhuru. Ijumaa tarehe 13 haikutajwa kwa ajili ya Sala ya Ijumaa na kufunga mizigo. Kasoro ya ombi, lile zoezi la tarehe 16, imesemwa na waombaji wenyewe kabla mwalimu hajaigundua. Kwa uzoefu wangu sentensi hiyo ndiyo inayofungua mlango, maana inaonyesha walioandika wamekaa kwenye kiti chake wakatazama jambo kutoka kwake.

Neno moja halimo, nalo ni "utusaidie". Vyuoni kwetu neno "kusaidiwa" limebeba mambo mazito, na anayeliandika kwa nia njema hajui litasomwaje. Ninyi mnaomba utaratibu kwa sababu zilizo wazi. Hili nalisema hasa kwa wasichana, na nalisema kwa uchungu. Ombi la mtu mmoja, lililofanywa kwa mdomo, nje ya ofisi na nje ya saa za kazi, ndiyo nafasi anayoitafuta mwalimu mwenye nia mbaya. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Barua ya pamoja yenye nakala kwa mratibu humfungia njia hata kabla hajaifikiria. Ukiitwa ofisini kwa maelezo, nenda na mwenzako, mlango ubaki wazi. Mwalimu mwema hatakasirika. Mimi nimekuwa nikiuacha mlango wangu wazi miaka yote.

Turudi kwenye mfano. Kiongozi wa darasa anakwenda ofisini Alhamisi, Novemba 28, na mwenzake mmoja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimesoma barua yenu. Alhamisi tarehe 12 ninaweza, lakini saa tisa, si saa nane. Na zoezi nitawapa Jumanne tarehe 10 mlifanye wenyewe, maana mada ya nne itakuwemo."

"Sawa mwalimu, tunashukuru. Saa tisa tutaulizana wote jioni hii, nikupe jibu kesho."

Jibu hilo la mwisho ni zuri kuliko "sawa" ya haraka. Alikagua saa nane, hakukagua saa tisa, na kuna watu 20 ambao hawapo ofisini. Kesho yake anaandika baruapepe fupi: tumekubaliana Alhamisi 12 Desemba, saa tisa alasiri, mada ya kwanza hadi ya nne, zoezi litatolewa Jumanne tarehe 10, chumba utatujulisha. Mistari minne tu. Mwalimu akijibu "Ndiyo", makubaliano yana ushahidi.

Msidharau baruapepe hiyo. Mambo mengi ya namna hii huharibika kwa "sawa" ya koridoni. Mwalimu husema "sawa" akiwa anaharakisha kipindi, jioni ameshasahau, na mwanafunzi huanza safari akiamini mambo yamekaa vizuri. Miezi miwili baadaye alama zinabandikwa, na mbele ya namba yake pana nafasi tupu. Dalili za kwamba hamjakubaliana bado ni rahisi kuzitambua: hamjataja siku, hamjataja saa, hakuna aliyeandika. Likikosekana mojawapo, rudi.

Kuna maneno mengine yanayoonekana kama kukataliwa na sivyo. "Leta barua ya idara" maana yake kiambatanisho hakikufunguka au hakipo. "Mko wangapi?" maana yake anapima chumba. Hata "Hapana, mtafanya mkirudi" bado ni utaratibu. Ulizeni tarehe na muombe iandikwe. Kukataliwa kwa kweli ni pale anaposema asiyefanya siku hiyo atapata sifuri. Hapo msipande ngazi kwa kurukaruka kwenda kwa mkuu wa shule kuu. Mratibu wa safari azungumze na mkuu wa idara yenu, naye azungumze na mkuu mwenzake wa idara ya somo. Wakuu hao wanajuana, na jambo ambalo mwanafunzi angeligombania kwa wiki mbili wao hulimaliza kwa simu.

Yote niliyosema ni ya majaribio ya muhula, ambayo mwalimu ana uhuru nayo. Mtihani wa mwisho wa muhula ni jambo lingine. Huo una ratiba ya chuo kizima, na mwalimu hawezi kuusogeza hata akitaka. Anayezuiwa na sababu inayokubalika huomba kuahirisha, kisha hufanya mtihani maalumu wakati chuo kitakapoupanga. Usimwombe mwalimu akutungie mtihani wa mwisho mapema. Unamweka mahali ambapo akikubali ameshavunja kanuni.

Mkishakubaliwa, mna deni. La kwanza ni kunyamaza. Karatasi zitakusanywa, pamoja na za kuchorachora, na hakuna atakayetoka na swali mfukoni. Yaliyobaki kichwani yabaki humo hadi Jumatano mchana. Maswali yakivuja, mwaka unaofuata hakuna darasa litakalokubaliwa, na walimu hukumbuka. La pili ni kwamba matokeo ni matokeo. Ukipata 9 kwa 20 tarehe 12, huwezi kubaki Dar es Salaam ukaingia na wenzako tarehe 18. Safari ikiahirishwa baada ya ninyi kulifanya jaribio, bado limekwisha. Semeni hivyo kwenye barua kama mwalimu anaonekana kusita. Mimi binafsi neno hilo huniondolea wasiwasi.

Alhamisi saa tisa. Chumba kidogo cha semina, viti vimeachanishwa, watu 22 na msimamizi mmoja, simu zimepangwa juu ya meza ya mbele. Saa kumi na robo wameshatoka. Mmoja anaanza, "Lile swali la..." na mwenzake anamgusa bega.

Jumamosi alfajiri basi linaondoka, linavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, linapita Somanga, linafika Nangurukuru, linaacha barabara ya Lindi na kushika ya Masoko, kisha linakata kuelekea Kivinje. Na Jumatano, saa nne asubuhi, Dar es Salaam wanafunzi 158 wanaambiwa wageuze karatasi. Kivinje maji yameshaanza kurudi nyuma, bado saa mbili hivi yafike mwisho. Kamba ya mita 50 imenyooshwa kutoka kwenye mchu wa mwisho kuelekea baharini, watu wamezama tope hadi kwenye mashavu ya miguu, na msichana aliyeinama juu ya fremu ya mita moja mraba anaita namba kwa sauti: nne, saba, sita, kumi na moja. Mwenzake anaziandika kwa penseli kwenye ubao, kisha, bila kuambiwa, anatafuta wastani wake pembeni.